Barua Isiyo na La Sivyo

Mwanamume mwingine alimwandikia mke wangu barua. Ingekuwa ya mapenzi ningejua pa kuanzia, maana ugomvi wa mapenzi una njia zake na kila mtu anazijua. Hii ilikuwa barua ya kuomba nyongeza ya mshahara, na ilikuwa nzuri kuliko ile niliyomwandikia mimi. Hapo ndipo wivu uliponiingia.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi. Sina bosi, sina ofisi, nina mkoba wa vifaa na simu. Bei yangu naitetea kwa miguu. Mteja akianza kulia njaa nafunga mkoba, namwambia, "Basi mama, tafuta mwingine," naelekea mlangoni. Sijawahi kufika mbali. Nyama yake inaanza kutoa maji kwenye friji, mafundi wengine hawapokei simu, atanirudisha tu. Miaka yote nimekula kwa njia hiyo na sioni ubaya wake.

Mke wangu yeye ni wa ofisini. Anafanya kazi kwenye kampuni inayosambaza dawa kwenye hospitali na zahanati. Aliajiriwa kama karani wa stakabadhi, lakini aliyekuwa anapanga safari za magari alipohama, kazi yake ikamwangukia mke wangu mezani na haikuondoka tena. Gari gani liende wapi, lianze na dawa zipi, lirudi lini, yote ni yeye. Mshahara ukabaki ule ule wa stakabadhi.

"Kazi imepanda, mshahara umekaa," nilimwambia Jumamosi moja. "Lete kompyuta. Leo tunawaandikia."

Nikasema, yeye akachapa. Ilitoka hivi:

"Meneja, nimefanya kazi hapa miaka mingi kwa uaminifu mkubwa. Maisha yamepanda, ada ya shule imepanda, na nasikia msimamizi wa ghala analipwa zaidi yangu ilhali anaingia saa anayotaka yeye. Naomba mshahara wangu uongezwe kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nitalazimika kwenda mahali ambapo kazi yangu itathaminiwa."

Ile "la sivyo" niliionea fahari. Niliisoma kwa sauti mara mbili.

Mke wangu aliitazama kwenye kioo cha kompyuta huku anauma kucha. "Baba, na wakisema sawa, nenda?"

"Hawawezi. Wewe ukiondoka magari yao yataenda wapi?"

"Wewe unajua magari yetu yanaenda wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Nilicheka, nikamwambia yataenda porini. Akafunga kompyuta, akasema haitumi bado, ataionyesha kwanza kwa mtu.

Mtu huyo nilimjua bila kumuuliza. Kazini kwao yuko bwana mmoja anayepokea simu za malalamiko, hospitali ikikosa dawa au ikiletewa zisizo zake, yeye ndiye anayetukanwa. Wenzake wanamwita Mpole. Kwa mwaka mzima huyo Mpole amekula mezani kwetu bila kuchangia hata chumvi. Mpole amesema hivi, Mpole ameshauri vile, leo Mpole alituchekesha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu alisifiwa asubuhi na jioni na hakuharibu kitu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumapili iliyofuata mke wangu alikwenda na binti yetu kwa dada yake. Nilifungua kompyuta niandike hesabu ya mteja, nikaikuta barua wazi. Haikuwa yangu tena. Ya kwangu ilikuwa imepigwa mistari katikati, neno kwa neno, na chini yake pameandikwa nyingine. Pembeni, kwenye vile visanduku vya maoni, Mpole na mke wangu walikuwa wanajibizana.

Nilivuta kiti.

Kwenye ada ya shule Mpole aliandika: "Ni kweli, lakini si sababu ya kampuni. Wao wanalipia kazi. Weka kazi."

Kwenye msimamizi wa ghala: "Usimtaje mtu. Meneja ataanza kumtetea yule, na barua yako itageuka kuwa barua yake."

Kwenye "la sivyo" yangu: "Hii itoke yote. Uko tayari kuondoka mwezi ujao? Kama huko tayari, usiiandike. Kazini kwangu kwa zamani niliandika maneno kama haya, nikajibiwa, 'Tumepokea uamuzi wako.' Nilikuwa nimejifukuza mwenyewe."

Mke wangu alijibu: "Haya si maneno yangu."

Niliisoma hiyo nikahisi joto masikioni. Basi nikawa nimeuzwa, kwa maneno manne tu.

Nikaendelea kusoma, maana mwenye wivu haachi kusoma. Chini zaidi Mpole aliuliza: "Mbona hujaandika siku mfumo ulipozima? Ulipanga magari yote kwa karatasi na kalamu mpaka jioni. Mimi nilikuwa kwenye simu siku hiyo, hakuna hospitali iliyolalamika."

Siku gani hiyo? Nilijua siku gani. Ni siku aliyorudi amechelewa, mikono ina wino, nikamuuliza alikuwa wapi, akasema kazini. Nikasema kazi gani hiyo ya wino, nikageukia ukutani. Hakunieleza, nami sikuuliza tena. Mpole alikuwa na siku hiyo nzima, sehemu yangu mimi ilikuwa ule mgongo niliomgeuzia tu. Ningekuwa na uwezo ningemnyang'anya.

Maoni ya mwisho ndiyo yaliyonimaliza. Nayaweka kama yalivyokuwa.

Mpole: "Madereva wanakutafuta baada ya kazi na mwisho wa wiki. Huo ndio ushahidi wako mkubwa kuliko wote, hakuna anayelipwa kwa saa hizo. Toa orodha ya simu kwenye simu yako."

Mke wangu: "Sina. Huwa nazifuta."

Mpole: "Kwa nini?"

Mke wangu: "Mambo ya nyumbani."

Mpole: "Sawa. Basi tusiandike tusichoweza kuonyesha."

Nilisimama, nikakaa tena. Mambo ya nyumbani ni mimi. Huwa nashika simu yake. Sifichi, namwambia kabisa lete nione, na nikikuta jina la mwanamume nauliza huyu ni nani, na akisema ni dereva nauliza kwa nini dereva anakutafuta Jumamosi. Kwa hiyo ameamua kuzifuta. Na yule bwana ameambiwa "mambo ya nyumbani," akasema "sawa," akaacha. Mimi ningeambiwa hivyo ningeuliza mpaka kukuche. Sikujua nichukie lipi, kwamba ameambiwa au kwamba hakuuliza.

Jumatatu nilikwenda kazini kwao. Kisingizio nilikuwa nacho, alisahau chaja mezani. Kweli aliisahau, sikuificha mimi, ingawa niliifikiria.

Mlinzi alinielekeza chumba cha kupanga safari. Nilisimama mlangoni hakuna aliyeniona. Ukuta mmoja wote ni ubao mweupe, majina ya magari upande mmoja, ya hospitali upande mwingine. Madereva wamejaa, wana makaratasi, kila mmoja ana shida yake. Katikati amesimama mke wangu, kalamu mkononi, hapandishi sauti. "Wewe anza na zahanati ya bondeni, dawa zako ni za baridi, hayo maboksi hayavumilii mpaka mchana. Wewe subiri, stakabadhi yako imekosewa, rudi ghalani. Wewe nani amekuambia upite daraja hilo? Limefungwa tangu jana." Wanaume wazima wenye vifua walikuwa wanasema "sawa dada," wanatoka mmoja mmoja.

Nyumbani huyu mtu huniuliza kama anaweza kwenda kwa dada yake.

Mimi najua baridi ni nini. Najua boksi la dawa likikaa kwenye joto linakuwaje, nimeshatengeneza vyumba vya baridi vya watu. Hajawahi kuniambia kwamba anashika dawa za baridi. Au aliniambia, sikumbuki.

Nikamwachia chaja. Alishtuka kuniona, akatazama saa kwanza kabla ya kunitazama usoni. Nikatoka, na kwenye korido karibu na mtungi wa maji nikakutana na mtu mfupi, kipara kimeanza, shati la mikono mifupi, kikombe mkononi.

"Karibu shemeji," akasema. "Nimekuona kwenye picha yake ya mezani."

Basi huyu ndiye Mpole. Nilitegemea mtu mzuri. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu mrefu mwenye saa ya mkononi. Huyu alinivunja moyo.

"Shemeji kwa nani?" nikamwambia. "Wewe ndiye unayemwandikia mke wangu barua?"

Hakukasirika. "Siandiki mimi. Namuuliza maswali tu. Mtu akinipigia na malalamiko namuuliza nini kilitokea, lini, na kuna karatasi gani. Majibu yote ni yake. Mimi hata sikujua nusu yake."

"Ya kwangu ilikuwa na ubaya gani?"

Akatazama kikombe. Nadhani ndipo alipojua "la sivyo" ni ya nani. "Haikuwa na ubaya, shemeji. Ingefaa kwa mtu ambaye hawezi kusubiri mpaka apate mwingine. Kampuni inaweza kusubiri. Wana pesa za kukaa miezi mitatu wakihangaika ili tu wasionekane wametishwa."

"Na hii yenu mpya? Itapita?"

"Sijui. Meneja anapeleka bajeti ya mishahara kwa wakurugenzi Ijumaa hii. Ikipita Ijumaa bila jina lake, ni mpaka mwakani. Barua ni nzuri. Ila Meneja atauliza jambo moja, kazi imeongezeka, sawa, lakini saa si ni zile zile? Na hapo hana cha kumwonyesha." Akanywa maji. Nilijua kwamba anajua "mambo ya nyumbani" ni nani.

Nilitoka pale nimejaa hasira kama mtungi wa gesi. Ningependa kusema nilikuwa namhurumia mke wangu. Nilikuwa namwonea kijicho Mpole. Amempa maswali, amempa ushauri, amempa hata adabu ya kunyamaza. Mimi nina nini cha kumpa ambacho huyo kipara hana?

Ndipo nikakumbuka ile laini.

Laini ya simu ya mke wangu nilimnunulia mimi tulipokuwa wachumba, nikaiandikisha kwa kitambulisho changu. Haikubadilishwa mpaka leo. Kinachofutwa kwenye simu hakifutiki kwenye kampuni ya simu, na kwa namba ile hakuna mtu anayeweza kuomba taarifa isipokuwa mwenye kitambulisho. Mpole na maswali yake yote asingeipata. Nilikwenda ofisi ya kampuni ya simu nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Msichana wa dirishani alichukua kitambulisho, akanipiga picha, akaniuliza miezi mingapi. Nikasema sita. "Tunatoa zilizopigwa na namba hii tu," akasema. "Zilizoingia hatutoi bila amri ya mahakama."

Zilinitosha. Madereva hawana salio siku zote, wanabipu, mke wangu ndiye anayewarudia. Kwa salio lake, ambalo nililalamika linaisha haraka.

Karatasi zilikuwa nyingi, bado zina joto la mashine. Nilikaa kwenye benchi la wateja. Na kitu cha kwanza nilichofanya, sitadanganya, nilitafuta namba ya Mpole. Nilikuwa nimeinakili kutoka kwenye simu ya mke wangu. Nilipita kurasa zote kwa kidole, mstari kwa mstari, jasho linanitoka. Haikuwepo. Nikarudia kutoka mwisho kwenda mwanzo. Hajawahi kumpigia hata mara moja.

Badala yake niliona namba nyingine, na hiyo ilikuwa kila mahali. Asubuhi ipo, mchana ipo, jioni ipo, siku za kazi zote. Simu fupi fupi. Ilinichukua muda kuitambua maana mtu hajipigii mwenyewe. Ilikuwa yangu. Nimefika. Nakula. Natoka. Ni sheria yangu, nilimwekea siku nyingi na nikasahau kwamba ni sheria.

Katikati ya hizo zilikuwepo za madereva. Jumamosi, Jumapili, jioni baada ya chakula. Siku ya harusi ya binamu yangu zilikuwepo nne zimefuatana, siku ile aliyopotelea chooni na mimi nikanuna mpaka picha za ukumbini zinanionyesha nimenuna.

Nilimpelekea nyumbani. Alikuwa anakunja nguo. Nikaweka karatasi juu ya nguo.

Alisoma mistari michache, uso ukabadilika. "Umeenda kunichunguza."

"Nimeenda kukutafutia ushahidi. Simu za madereva hizo. Meneja ataziuliza."

"Hukuziangalia kwanza?"

Ningeweza kusema hapana. "Niliziangalia."

"Ukapata nini?"

"Madereva."

"Na mwingine?"

"Hakuna mwingine."

Kisha akaenda kwenye mkoba wa shule wa binti yetu, akatoa kalamu ya rangi ya njano, akakaa sakafuni na karatasi zake. Akaanza kupaka mistari ya madereva waliomtafuta nje ya saa za kazi. Kila mstari alijua ulikuwa wa nini. Huu gari liliharibika njiani. Huu hospitali ilifunga geti. Huu walikuwa wamebeba damu. Nilikaa karibu nikisikiliza, na kila alipoeleza nilisema "hukuniambia," mpaka akasema, "Baba, acha kusema hukuniambia."

Namba yangu aliiruka kila alipoifikia. Nikamuuliza mbona zangu hazipaki.

"Meneja ataona za kazi tu," akasema. "Nyingine zote naziziba. Zako hazimhusu."

Jumatano asubuhi alituma. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikamwomba asome kwa sauti.

"Mada: Ombi la kupitia upya mshahara wangu.

Meneja, naomba mshahara wangu upitiwe ulingane na kazi ninayoifanya sasa. Niliajiriwa kuandika stakabadhi. Tangu mwaka juzi napanga safari za magari yote ya usambazaji, na maelezo ya kazi yangu hayajabadilishwa.

Kabla ya hapo, kwa taarifa zetu za kila mwezi, safari moja kati ya saba ilichelewa. Kwa miezi sita iliyopita ni moja kati ya thelathini. Mfumo ulipozima mwezi wa tatu nilipanga safari za siku nzima kwa mkono, na hakuna hospitali iliyokosa mzigo wake. Nimeambatanisha pia orodha ya simu nilizowapigia madereva nje ya saa za kazi katika miezi hiyo sita, kutoka kampuni ya simu.

Nimeangalia matangazo matatu ya kazi kama hii yaliyotoka mwaka huu, nayo nimeyaambatanisha. Kwa msingi huo naomba nyongeza ya asilimia kumi na nane, na cheo kinacholingana na kazi. Ningeshukuru kupata nafasi ya kuzungumza nawe kabla bajeti haijapelekwa Ijumaa. Naipenda kazi hii na ningependa kuendelea kuijenga."

Nilisubiri mwisho wake. "Ndiyo imeisha?"

"Imeisha."

"Na wakikataa?"

"Wakikataa nitawauliza ni nini kinakosekana na lini tuzungumze tena."

Nilitaka kumwambia hiyo ni barua ya mtu anayebembeleza. Lakini nilijaribu kutafuta mahali ambapo Meneja angeweza kuikataa, fundi huwa anatafuta penye kuvuja, na sikupaona. Angekana safari? Angekana simu? Hakuna aliyemtisha ili apate kukasirika. Alikuwa amebaki na kazi ya mke wangu tu, imewekwa mezani.

Meneja alimwita Alhamisi. Alimkalisha karibu saa nzima. Aliuliza kweli kuhusu saa za kazi, mke wangu akamgeuzia karatasi ya njano, na Meneja akaangalia siku ya harusi ile akauliza, "Jumamosi hii ulikuwa wapi?" Mke wangu akamwambia, chooni ukumbini, akielekeza gari la chanjo. Meneja hakucheka. Akasema kumi na nane haiwezi kupita mwaka huu, atapeleka kumi na mbili, cheo kitabadilishwa sasa, na baada ya miezi sita wanakaa tena. Akaongeza jambo ambalo mke wangu hakuliomba: kampuni itampa simu ya kazi na laini yake, ili asipige kwa salio lake.

Jumatatu jibu lilitoka kwa maandishi. Kumi na mbili imepita.

Niliambiwa jioni. Mpole aliambiwa mchana, kwenye korido, kwa sababu alikuwa anapita. Nilimuuliza mke wangu kwa nini hakunipigia mimi kwanza. Akasema, "Nilikupigia saa ya kula, ukaniuliza niko na nani." Kweli nilimuuliza. Ni mazoea.

Simu ya kazi ilikuja, nyeusi, haina hata kava. Laini ya kampuni, kwa jina la kampuni. Siku ya kwanza ililia tukiwa tunakula. Alizoea kutoka nje, au kwenda kuwasha bomba la maji ili sauti isisikike. Safari hii aliipokea pale pale, mbele ya sahani yangu, akamwambia dereva apite njia ya juu, akaiweka mezani kifudifudi, akaendelea kula. Hakunitazama kuona kama nimenuna. Nilikuwa nimenuna, lakini hakunitazama.

Nikawaza kwamba karatasi za simu hiyo sitaziona maisha yangu yote.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nyuma ya friji ya mteja, mgongo ukutani, nashika tochi kwa meno, simu yangu ikatoa mlio wa barua pepe. Mimi huletewa barua pepe na kampuni za vipuri tu. Ilitoka kwa mke wangu. Nilitoa tochi mdomoni.

"Mada: Ombi kuhusu simu za kuripoti.

Mume wangu,

Naomba niache kukupigia simu kila ninapofika kazini, ninapokula na ninapotoka.

Nimefanya hivyo tangu tulipooana. Kwenye karatasi uliyoleta mwenyewe, namba yako imetokea mara nyingi kuliko ya dereva yeyote. Katika miezi hiyo yote hakuna siku nilipokuwa mahali tofauti na nilipokuambia. Nimekuwa nikifuta simu za kazi ili usinune, na kwa sababu hiyo nilikaribia kukosa haki yangu. Hukuniuliza siku ya wino nilikuwa nafanya nini. Ningekueleza.

Kuanzia leo ningependa kukupigia ninapokuwa na la kukuambia. Naomba tukae tulizungumze, siku na saa utakayoona inafaa.

Asante kwa kwenda kuitafuta ile karatasi. Bila wewe nisingeipata.

Mkeo."

Niliisoma hadi mwisho nikitafuta "la sivyo." Nilirudi juu nikashuka tena. Hakuniambia atakwenda kwa dada yake, hakuniambia atamwita mjomba, hakusema amechoka. Angenitishia ningejua la kufanya, ningepandisha sauti, angepandisha yake, tungefika mahali. Nilitafuta pa kukataa. Ningekana namba? Ningekana wino?

Kisha nikatafuta mkono wa Mpole. Sioni aibu kusema hivyo, niliutafuta kwa bidii kuliko nilivyoitafuta namba yake. Lakini Mpole hakujua habari ya wino kunifanya nigeuke ukutani, wala hakuwepo siku nilipoweka sheria. Barua yote ilikuwa ya mke wangu peke yake, na hilo liliniuma kuliko ingekuwa ya yule bwana.

Nikaanza kuandika: "Nani amekusaidia?" Nikayatazama maneno hayo, nikayafuta. Nikaandika, "Leo jioni," nikatuma.

Mteja aliinama kunichungulia, akauliza kama nimeona kilichoharibika. Nikamwambia ndiyo. Saa ya kula ilikuwa imepita, simu haikuwa imelia, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane hakuna mtu aliyekuwa ameniambia mke wangu yuko wapi.